Ripoti Iliyoitwa Mama

Zuleka Saad amefungua na kufunga maabara ya elektroniki kwa miaka ishirini na minne, na katika muda huo wote hakuna aliyewahi kumwita mwalimu. Yeye ni fundi wa maabara. Kazi yake ni kuvaa koti la kahawia, kubeba rundo la funguo, kuhesabu vifaa kabla ya somo na kuvihesabu tena baada ya somo, halafu kukaa kwenye stuli yake karibu na dirisha akiwasikiliza watu wenye digrii wakikosea. Chuo chenyewe kiko nje kidogo ya mji wa Embu, upande wa barabara inayoteremka kwenda Mbeere. Jina lake silitaji, wenyewe wanajijua.

Alizaliwa Meru mjini, Majengo, mtoto wa pili wa Saad mwenye bucha. Bucha walichukua kaka zake. Yeye alichorithi kwa babake ni tabia moja tu. Saad alikuwa na mizani ya kuning'iniza, na kila asubuhi, kabla ya kukata hata kipande kimoja cha nyama, aliitazama ikiwa tupu. Siku nyingine mshale ulisimama robo kilo juu ya sifuri na kwenye ndoano hakuna kitu. "Zuleka," alimwambia bintiye, "mizani ikisema imebeba na haijabeba, kwanza ujue uongo wake ni wa kiasi gani. Halafu ndio uweke nyama." Zuleka alilielewa hilo akiwa na miaka tisa. Kuna watu wamelisomea chuo kikuu na mpaka leo halijawaingia, na mmoja wao ni Kaimenyi.

Kaimenyi hufundisha elektroniki. Wote humwita Dokta, ingawa udaktari wenyewe uko njiani mwaka wa saba huu na hatujui umekwama wapi. Huvaa tai hata Jumamosi. Ana mwandiko mzuri sana, hilo sitamnyima, na anapenda kupiga mistari ya jedwali kwa rula mpaka unadhani jedwali ndilo somo. Kila muhula hufika kwenye somo la op-amp, ile ai-si ndogo nyeusi yenye miguu minane ambayo kazi yake ni kuchukua umeme mdogo na kuukuza uwe mkubwa. Hapo hugeuka ubaoni na kuandika sentensi tatu. Ukuzaji wake hauna mwisho. Kasi yake haina mwisho. Ukiipa sifuri, inakupa sifuri.

Sentensi hizo zimo kitabuni, ni kweli. Lakini kitabu hicho hicho, kurasa chache mbele, kinasema kwamba op-amp ya namna hiyo ni ya kufikirika, imewekwa kurahisisha hesabu, na ile ya dukani ina mipaka yake. Kaimenyi hakufika kwenye kurasa hizo, au alipita akiwa na haraka. Wanafunzi wakatoka darasani wakiamini wana kifaa cha miujiza mfukoni.

Na sasa nije kwenye Mama. Mama ni ripoti. Hakuna anayejua iliandikwa na nani, ila kila darasa hulirithisha darasa linalofuata, zamani kwenye karatasi za fotokopi, siku hizi kwenye simu. Ndani yake mna jaribio zima la op-amp: jedwali, grafu, hitimisho, vyote safi. Wanafunzi huingia maabara, huunganisha nyaya, huwasha skopu ile ya kuonyesha mawimbi kwenye kioo, hutazama kidogo, halafu hurudi bwenini kunakili Mama. Kaimenyi huwapa alama zote na kuandika "Safi" kwa wino mwekundu. Zuleka alilijua hilo kwa miaka mingi na alinyamaza. Alijiambia kwamba fundi wa koti la kahawia hamsahihishi mtu wa tai. Hilo lilimuumiza, na nafikiri lilimuumiza zaidi kwa sababu lilikuwa rahisi.

Mwaka jana ndipo Igoki Njeru alipoharibu mambo. Msichana mrefu, mpole, kwao ni kule chini Mbeere kwenye mbuzi na jua. Alikuwa muhula wa mwisho na alikuwa ameshaahidiwa nafasi ya mafunzo katika karakana ya kutengeneza mashine za hospitali. Wiki ya jaribio aliugua malaria, kwa hiyo alilifanya peke yake Alhamisi iliyofuata, mchana kutwa, Zuleka akiwa kwenye stuli yake. Alichukua ai-si namba kumi na saba. Zuleka huzipaka namba kwa rangi ya kucha, vinginevyo huibiwa.

Igoki alisoma kilichokuwa kwenye kioo, akaandika kilichokuwa kwenye kioo. Mtu wa kawaida angesema huo si ushujaa, ndiyo kazi yenyewe. Ngoja uone kilichomfika.

Jumatatu Kaimenyi aliingia na ripoti yake mkononi, akaitupa mezani mbele ya darasa zima. Alisema kuna mtu amekaa kitandani na kubuni namba, na hata kubuni hajui. Alisema kupika matokeo ni kosa la kufukuzwa, na jambo hilo atalipeleka kwa mkuu wa idara. Kisha akalainisha sauti, maana anapenda kuonekana mwenye huruma. "Lakini ukiandika upya ukiweka majibu sahihi, na barua ya kuomba msamaha, nitakupitisha," akasema. "Una mpaka Ijumaa."

Igoki alikuja maabara akiwa amekauka macho. Alimwonyesha Zuleka ripoti.

"Madam, mimi sikupika kitu. Ilikuwa inanionyesha hivyo."

"Nilikuwa hapa. Nilikuona," Zuleka akasema. "Hebu nisome."

Akasoma. Sehemu ya kwanza, ai-si imepangwa kukuza mara elfu moja, na mlango wake wa kuingizia umefungwa kwenye ardhi, yaani umepewa sifuri. Mama inasema kinachotoka ni sifuri. Igoki aliandika volti moja na nukta ishirini na tatu. Zuleka akamwona babake na mizani yake tupu. Ndani ya kila op-amp pande mbili za mlango hazilingani sawasawa. Zinapishana kama milivolti moja hivi. Milivolti moja ni kitu kidogo, ila ukiikuza mara elfu inakuwa volti nzima, na yote ni uongo wa mizani tupu.

Sehemu ya pili, mawimbi ya milivolti tano yanaingia, yakuzwe mara elfu, yawe volti tano. Kwenye Mama ni volti tano kwa masafa yote, mstari ulionyooka kama rula ya Dokta. Igoki alipata tano kwa hezi mia moja, yaani mawimbi mia moja kwa sekunde, tatu nukta sita kwa hezi elfu moja, na kwa hezi elfu kumi nusu volti tu, basi. Na chini ya jedwali alikuwa ameandika kwa mkono wake mdogo: ukizidisha ukuzaji kwa masafa, kule juu, jibu ni lile lile kila mara, kama milioni moja. Kwa hiyo ukitaka vyote viwili, gawanya kazi kwa ai-si mbili, kila moja ikuze mara thelathini na kitu, na masafa ya elfu kumi yatapita vizuri.

Zuleka aliisoma sentensi hiyo mara mbili. Hakuna mtu aliyelala kitandani akabuni hiyo.

Sehemu ya tatu, wimbi la pembe, linaloruka kutoka volti tano chini ya sifuri hadi volti tano juu. Mama imechora kuta zilizosimama wima. Igoki alichora miteremko, akaandika kwamba volti kumi zilichukua mikrosekunde ishirini kupanda, yaani nusu volti kwa kila mikrosekunde, na kwamba alipoongeza kasi ya wimbi hadi hezi elfu ishirini na tano, ile pembe yote ikawa pembetatu. Karatasi ya mtengenezaji wa ai-si inasema nusu volti kwa mikrosekunde. Karatasi hiyo imebandikwa kwenye mlango wa kabati la Zuleka, futi sita kutoka mahali Kaimenyi husimama.

"Wenzako walipata nini?" Zuleka akauliza.

"Gitari anasema yake pia ilitoa mawimbi yameinama. Akadhani ai-si yake ni mbovu, akaandika ya Mama. Wote wanasema hivyo, Madam. Kila mtu alidhani yake ndio mbovu."

Wenzake Igoki ishirini na watatu wameona ukweli kwa macho yao, na wote ishirini na watatu wakauona ni aibu yao binafsi, wakaufunika. Kisha mmoja asiyeufunika anaambiwa ni mwongo. Zuleka alikasirika, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ilikuwa juu yake mwenyewe.

"Usiandike barua yoyote," akamwambia Igoki. "Ukiandika, umekiri. Ijumaa uende na ripoti hii hii."

"Na wakinifukuza?"

"Watanifukuza mimi kwanza," Zuleka akasema, na akajishangaa kwamba alimaanisha.

Ijumaa saa nne walikaa ofisini kwa mkuu wa idara, Bi Veronicah, mwanamke wa maneno machache ambaye hakuwa amegusa skopu kwa miaka kumi na hakuona haya kusema hivyo. Zuleka aliitwa kujibu swali moja tu.

"Mama Yasser," Bi Veronicah akamwita kwa jina la mwanawe, "siku hiyo mashine zilikuwa sawa?"

"Zilikuwa sawa, Madam."

"Unaona," Kaimenyi akasema, akinyoosha tai. "Mashine ni sawa, majibu si sawa. Basi msichana amepika. Tufunge hili jambo."

"Dokta," Zuleka akasema taratibu, "kwa nini tubishane hapa juu na ai-si iko pale chini? Tushuke tu."

Kaimenyi alitabasamu lile tabasamu la kumvumilia mfagiaji. Lakini Bi Veronicah alikuwa ameshasimama.

Zuleka alikuwa ameandaa kila kitu tangu asubuhi. Namba kumi na saba ilikuwa kwenye bodi. Alianza kwa kulipitisha wimbi la pembe moja kwa moja kutoka kwenye jenereta ya mawimbi hadi kwenye skopu, bila ai-si, na kuta zikasimama wima. "Mashine ziko sawa," akasema. Akafunga mlango wa ai-si kwenye ardhi. Mita ikasema moja nukta ishirini na tatu. Akaleta mawimbi ya hezi mia moja, volti tano. Hezi elfu kumi, nusu volti. Akaleta lile wimbi la pembe, na kuta zikalala miteremko mbele ya macho yao.

"Hiyo ai-si imeungua," Kaimenyi akasema.

"Chagua nyingine, Dokta."

Alichagua kwenye pakiti mpya, akaifungua mwenyewe. Zuleka akaichomeka. Kwa sifuri ilitoa nukta sitini na nne chini ya sifuri. Kaimenyi akachagua ya tatu, ikatoa volti mbili juu.

"Kila moja na uongo wake," Zuleka akamwambia Bi Veronicah. "Hakuna mbili zinazolingana. Unaweza kuuondoa kwa kuzungusha skrubu, lakini chumba kikipata joto unarudi kidogo. Ila tazama miteremko."

Miteremko ilikuwa ile ile. Mikrosekunde ishirini, na mawimbi ya hezi elfu kumi yalitoka yakiwa yamenyauka vile vile. Kaimenyi akasema pakiti nzima ni feki, vitu vya siku hizi havina maana. Zuleka akafungua kabati na kumwonyesha ile karatasi ya mtengenezaji. Kaimenyi akasema karatasi hiyo ni ya tahadhari tu. Mtu mzima, na tai.

Bi Veronicah aliinua mkono. "Dokta, tusisumbuane. Wewe ndiye unayejua. Kaa hapo, fanya sehemu ya pili mwenyewe kwa ai-si uliyochagua, uandike jedwali lako. Nitafuata yako."

Kaimenyi akafurahi. Hapo sasa alikuwa nyumbani. Alivuta stuli, akaomba rula. Akapiga mistari, mizuri kweli, akaandika kichwa cha kila safu: Masafa. Kilichoingia. Kilichosomwa kikitoka. Halafu akajaza masafa, mia moja, elfu moja, elfu kumi, laki moja. Akajaza kilichoingia. Na mkono haukusimama, ukaendelea tu kwenda safu ya tatu kama ulivyozoea kwa miaka yote: tano, tano, tano, tano. Akaweka kalamu chini, akanyoosha mkono ili aanze kuzungusha kitufe cha masafa.

Igoki alikuwa amesimama nyuma. "Mwalimu," akasema, kwa adabu kabisa, "jenereta bado imezimwa."

Ilikuwa imezimwa. Zuleka huizima kila anapobadilisha ai-si, na alikuwa ametoka kumrudishia Dokta ile ya kwanza aliyochagua; taa yake ndogo ya kijani ilikuwa giza. Kaimenyi aliitazama taa, akalitazama jedwali lake, na nadhani hata wakati huo hakuelewa amefanya nini, maana alisema, "Nilikuwa nataka kuiwasha."

Bi Veronicah alilichukua lile jedwali polepole na kulisoma. "Kilichosomwa kikitoka," akasema. "Ulikisoma saa ngapi, Dokta?"

Bi Veronicah alilikunja na kulitia mfukoni, akamwambia Igoki arudi darasani, kesi yake imekwisha.

Ungefikiri hapo ndipo haki ilipokaa. Barua ilitoka wiki iliyofuata, na Zuleka aliisoma akiwa wima. Ilisema mwanafunzi Igoki Njeru ameondolewa lawama kwa kuwa matokeo yake "yaliathiriwa na hitilafu ya kifaa". Hitilafu ya kifaa. Kifaa kilichofanya kila kitu ambacho mtengenezaji alisema kitafanya. Barua iliandikwa na Kaimenyi, unaujua ule mwandiko, na Bi Veronicah aliisaini kwa sababu ilimaliza maneno na hakuna aliyemwaga unga kwa kupoteza kazi. Kaimenyi anafundisha bado. Sentensi tatu bado ziko ubaoni kila muhula.

Igoki alimaliza, akaenda kwenye karakana yake. Alipiga simu mara moja. Alisema wamemletea mashine ya kusoma mapigo ya moyo yenye mstari uliopanda juu bila mgonjwa kuunganishwa, mafundi wanabishana, na yeye akawaambia waisome kwanza ikiwa tupu. Zuleka alicheka peke yake mbele ya kabati, na siku nzima hakukasirikia mtu.

Ni furaha hiyo iliyomponza. Novemba ile alinunua karatasi ya manila, akaandika kwa kalamu nene namba zote za kweli za Igoki, moja nukta ishirini na tatu, tatu nukta sita, nusu volti, mikrosekunde ishirini, akaibandika ukutani juu ya meza ya jaribio. Juu yake akaandika: Hivi ndivyo ilivyo. Namba kumi na saba yenyewe aliitoa kwenye matumizi, akaifungia ndani ya kopo la majani ya chai kwenye kabati lake, kama kumbukumbu. Alidhani Mama amekufa.

Muhula uliofuata liliingia darasa jipya la watu ishirini na wawili. Waliunganisha nyaya, wakatazama skopu kidogo, wakapiga picha kwa simu. Zuleka hakuuliza ni picha za nini. Baada ya wiki mbili Kaimenyi alimwachia rundo la ripoti zilizosahihishwa azipange kwenye kabati, na Zuleka, kwa tabia tu, akafungua ya juu na kutazama sehemu ya kwanza. Mlango umefungwa kwenye ardhi: volti moja na nukta ishirini na tatu.

Akafungua ya pili. Moja nukta ishirini na tatu. Ya tatu, ya tisa, ya mwisho kabisa chini. Ai-si ishirini na mbili tofauti, zilizotoka kwenye mikono yake mwenyewe zikiwa na namba zake za rangi ya kucha, na zote zinasema uongo mmoja hadi tarakimu ya mwisho, jambo ambalo haliwezekani hata kwa ai-si mbili. Kwenye kila ripoti Kaimenyi alikuwa ameandika "Safi" kwa wino mwekundu, maana zote zililingana na karatasi ya ukutani.

Zuleka alilifungua kopo la chai. Namba kumi na saba ilikuwa mle ndani, mahali alipoiweka tangu Novemba.